Ufuatilikaji: Uzi Unaounganisha Sura za Ripoti ya Programu

Ripoti ya mradi wa programu ya kompyuta, iwe ya mwanafunzi wa chuo au ya kampuni inayomkabidhi mteja kazi, huwa na sura tatu zinazobeba hukumu yake: mahitaji, usanifu na majaribio. Msahihishaji mwenye haraka huzisoma moja moja. Huona mahitaji yameorodheshwa, michoro ya usanifu imo na jedwali la majaribio limejaa alama za vema, naye akaridhika. Lakini kasoro nzito za ripoti hizi mara nyingi hazimo ndani ya sura yoyote, zimo katika pengo lililoachwa kati ya sura na sura. Sifa inayoziba pengo hilo walimu wa fani hii huitaja kwa Kiingereza, traceability. Katika makala hii naiita ufuatilikaji.

Wapo wanaopendekeza ufuatiliaji, na kwa mbali neno hilo lingefaa. Tatizo ni kwamba tayari lina kazi yake. Kwenye ofisi zetu, ufuatiliaji na tathmini ni shughuli ya mtu anayekwenda kukagua mradi umefikia wapi. Sisi hatutaji shughuli ya mkaguzi, tunataja sifa iliyomo ndani ya maandishi yenyewe, kwamba yanafuatilika. Kiswahili kinayo njia ya kuunda jina la namna hiyo kutokana na kauli ya kutendeka, kama tunavyosema usomekaji wa mwandiko. Hivyo kutoka fuatilika tunapata ufuatilikaji: hali ya kila hitaji kuweza kufuatwa mbele, hadi kwenye uamuzi wa usanifu unaolitimiza na jaribio linalolithibitisha, na ya kila jaribio kuweza kufuatwa nyuma hadi kwenye hitaji lililolizaa.

Tuchukue ripoti ya mfano kuhusu mfumo wa mikopo wa SACCOS. Ukurasa wa mahitaji unasema mfumo uwe wa haraka na rahisi kutumia. Sentensi hiyo haifuatiliki, kwa kuwa hakuna jaribio linaloweza kuikataa. Chini yake kuna hitaji lililopewa namba M7: mwanachama asikopeshwe zaidi ya mara tatu ya akiba yake. Hili linashikika. Lina namba, lina kipimo, na chimbuko lake ni sera ya mikopo ya chama ambayo msomaji anaweza kuiomba na kuisoma. Basi tulifuate.

Katika sura ya usanifu, jambo la kutafuta ni mahali kikomo cha M7 kinapokaguliwa. Kinaweza kukaguliwa kwenye fomu ndani ya kivinjari, na hapo afisa mikopo ataonywa papo hapo. Lakini mtu anayejua kutuma ombi moja kwa moja kwenye seva ataupita ukaguzi huo bila kuugusa. Kinaweza pia kukaguliwa kwenye seva kabla mkopo haujaandikwa katika hifadhidata. Ripoti nzuri hutaja njia zote mbili, husema ipi imechaguliwa kuwa ya lazima, na hueleza gharama yake. Huko ndiko kutoa sababu za usanifu. Kuandika kwamba PHP na MySQL zimetumika kwa kuwa ni maarufu hakumwambii msomaji lolote kuhusu M7.

Kutoandikwa kwa sababu hizo kumewahi kuchangia kuangusha roketi. Tarehe 4 Juni 1996, Ariane 5 iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa, na chini ya dakika moja baadaye ikapinda, ikavunjika na kulipuka. Programu ya kifaa cha kupima mwelekeo ilikuwa imerithiwa kutoka Ariane 4. Ndani yake, namba ya desimali ya biti 64 iligeuzwa kuwa namba kamili ya biti 16, ambayo haiwezi kuzidi 32,767. Ariane 5 ilipata kasi ya mlalo kubwa kuliko ya mtangulizi wake, namba ikafurika, na kifaa pamoja na pacha wake wa akiba vikazima.

Tume ya uchunguzi wa ajali hiyo, iliyoongozwa na Jacques-Louis Lions, iliona kwamba vigeu saba vilikuwa katika hatari ya namna hiyo. Vinne vilikingwa na vitatu viliachwa, kwa sababu kompyuta ya kifaa ilikuwa imewekewa kikomo cha mzigo wa asilimia 80. Sababu hiyo ilikuwepo na wahusika waliikubali, lakini haikuandikwa kwenye msimbo mahali ambapo mtu anayeurithi angeiona. Njia halisi ya kuruka ya Ariane 5 nayo haikuwekwa kuwa hitaji la kifaa hicho, na kifaa hakikujaribiwa kwa takwimu za njia hiyo. Uzi ulikuwa umekatika kwenye sura zote tatu.

Turudi kwenye M7. Jedwali la majaribio lina mstari unaosema mwanachama mwenye akiba ya shilingi 400,000 aliomba 100,000 akakubaliwa, matokeo sawa. Mstari huo hauthibitishi M7 hata kidogo, kwani mfumo usio na kikomo chochote nao ungemkubali. Ushahidi hukaa kwenye ukingo: ombi la 1,200,000 likubaliwe, la 1,200,001 likataliwe. Kwa kuwa tumeambiwa ukaguzi uko kwenye seva, ombi la pili litumwe pia bila kupitia fomu. Kila jaribio lionyeshe kilichoingizwa, jibu lililotarajiwa, jibu lililopatikana, tarehe na toleo la programu. Picha ya ukurasa wa kuingilia si ushahidi wa kitu zaidi ya kwamba ukurasa upo.

Jedwali ambalo kila mstari umefaulu kwa mara ya kwanza, siku moja kabla ya kukabidhi, linastahili kutiliwa shaka. Kazi ya kweli huacha alama za kushindwa: jaribio lililokataa, marekebisho, kisha jaribio lilelile likarudiwa. Ikiwa wanafunzi walitumia Git na kuandika namba za mahitaji katika maelezo ya mabadiliko yao, amri hii huonyesha historia ya hitaji moja:

```
git log --oneline -E --grep="M7([^0-9]|$)"
```

Msahihishaji mwenye ripoti nyingi hawezi kufuata kila uzi, wala hana haja. Achague mahitaji matatu bila kutangaza na kuyafuata mbele, kisha majaribio matatu na kuyafuata nyuma. Jaribio lisilo na hitaji hufichua sehemu iliyojengwa bila kuombwa, au hitaji lililosahauliwa kuandikwa.

Hata hivyo, ufuatilikaji una mpaka. Huonyesha kwamba kilichoandikwa kimejengwa na kujaribiwa, hauonyeshi kwamba kilichoandikwa ndicho sahihi. Mwanachama wetu mwenye akiba ya 400,000 tayari anadaiwa 900,000, naye anaomba 600,000. Kwa maneno ya M7, ombi hilo liko chini ya mara tatu ya akiba, kwa hiyo mfumo utalikubali na deni lote litafika 1,500,000. Msimbo hauna kosa na jaribio la ukingo limefaulu. Kosa limo kwenye sentensi ya hitaji, ambayo haisemi kikomo ni cha kila mkopo au cha jumla ya deni. Waandishi wa ripoti hiyo ningewapa alama za usanifu na za majaribio, ningekata za mahitaji, na ningeirudisha ili wakamuulize meneja wa chama: je, salio la mkopo wa zamani lihesabiwe?