Kirangozi wa Mwanzo 2:15

Katika Mwanzo 2:15 Mungu anamchukua mtu na kumweka bustanini, aihudumie na kuilinda. Mstari ni mfupi, lakini una vitu viwili vya Kiebrania ambavyo tumeviita majina ya kuazima tu.

Cha kwanza ni neno dogo *et*, lililotangulia *ha-adam*, yule mtu. Et halina tafsiri. Linatangaza kwamba nomino inayofuata ndiyo inayotendwa, na kwamba inajulikana: ina *ha-*, au ni jina la pekee, au ina mwenyewe. Ukiliita "alama ya yambwa" umesema nusu, maana kule kujulikana kumebaki nje.

Kujulikana huko hatukukosi. Anayesema "nimekinunua kitabu" ana kitabu fulani akilini, na "nimenunua kitabu" haidai hivyo. Lakini kwa mtu, -m- huja hata akiwa mgeni kabisa: nimemwona mtu. Kwa hiyo -m- ya "akamchukua" haiwezi kubeba kazi ya et, na mfasiri hana budi kutia "huyo" au "yule".

Napendekeza *kirangozi*. Katika misafara ya Wanyamwezi, kati ya Ujiji, Tabora na Bagamoyo, kirangozi alitembea mbele, na aliyemwona alijua msafara unafuata. Neno ni letu, lina shina moja na "kiongozi", na limekaa bure muda mrefu.

Cha pili ni *-hu* mwishoni mwa *vayanihehu*, "akamweka". Sisi humpachika mtu huyo kabla ya mzizi, Kiebrania humfungia mkiani. "Kiambishi tamati" hakinitoshi, kwa sababu kwetu jina hilo linaita kwanza viishio vya kunyambua, kama -wa na -sha. Aliyesoma Kiarabu chuoni ataijua -hu, maana Kiarabu kinayo pia, na ataitaja *dhamiri*. Neno zuri, ila kwa Mswahili dhamiri ishahamia moyoni na haitarudi kwenye sarufi. *Kiwakilishi fuasi* kinatosha: kinasimama badala ya mtu, na kinafuata.

Utamu uko katika vitenzi viwili vya mwisho, *leovdah* na *uleshomrah*. Hapa -ah ni ya kike, nayo inarejea bustani, ilhali *gan*, bustani, kwa kawaida ni ya kiume. Wasomi wamelijadili hilo kwa karne nyingi. Kinachothibitisha kwamba -ah ni kiwakilishi ni nukta ndani ya herufi he, *mapik*, inayoamuru h itamkwe. Ikikosekana nukta, msomaji anaweza kudhani ni mwisho wa kawaida wa neno, na bustani ikapotea. Kiswahili hakina jinsi ya kike wala ya kiume. Bustani iko katika ngeli ya I-ZI, tunasema "ailinde", na fumbo zima linazimika kimya.

Basi mwalimu unayefundisha Kiebrania kwa Kiswahili, andika *kirangozi* na *kiwakilishi fuasi* ubaoni, na mapik uieleze siku hiyo hiyo ya -ah, kabla wanafunzi hawajaizoea he isiyotamkwa.