UZI: "Soko litajirekebisha" ama "serikali ishushe bei"? Hesabu ya gunia la mahindi Nakuru

1/ Kila bei ya unga ikipanda, mabishano ni yale yale. Huyu anasema soko liachwe, litajirekebisha lenyewe. Yule anasema serikali itangaze bei, basi. Mimi niko Nakuru, mahindi ndiyo mazungumzo yetu ya kila siku. Leo nataka tuangalie historia kidogo, halafu tupige hesabu moja. Si ngumu, twende polepole.

2/ Mwaka 1941 mwanauchumi Mmarekani, Paul Samuelson, aliandika kwa lugha ya hesabu jambo ambalo kila mama wa sokoni analijua: wanunuzi wakizidi mzigo bei hupanda, mzigo ukizidi wanunuzi bei hushuka. Yeye akaongeza kitu kimoja: *kasi*. Pengo likiwa kubwa, bei hukimbia. Likiwa dogo, bei hutambaa.

dP/dt = k(D − S)

P ni bei, D ni mahitaji, S ni mzigo unaoingia sokoni, t ni muda. Hiyo k ni wepesi wa soko kusikia: simu, barabara, idadi ya wanunuzi wanaoshindana.

3/ Mwaka mmoja baadaye, 1942, Kenya ya mkoloni ilifanya kinyume. Vita vilikuwa vimepamba moto na chakula kikaanza kupungua, serikali ikaweka udhibiti wa mahindi. Bei ikawa ya kutangazwa. Chama cha wakulima wazungu, KFA, chenye makao yake hapa Nakuru, kikawa wakala wa kununua. Na bei haikuwa moja kwa wote: mkulima mzungu alihakikishiwa bei nzuri, Mwafrika akapata chini ya hapo baada ya makato. Kwa hivyo mtu akikwambia bei ya kutangazwa daima humlinda mnyonge, mkumbushe 1942.

4/ Uhuru ulikuja, lakini utaratibu ukabaki. Mwaka 1979 bodi ya mahindi na ile ya ngano ziliunganishwa, tukapata NCPB. Kuhamisha mahindi kutoka wilaya moja hadi nyingine kulihitaji kibali. Bei ya bodi ilikuwa moja, uwe karibu na ghala ama mbali, uuze wakati wa mavuno ama miezi sita baadaye. Kwa lugha ya Samuelson, dP/dt ilikuwa sufuri kwa amri.

5/ Lakini bei ikigandishwa, pengo la D na S haliendi popote. Linabadilisha sura tu. Linakuwa foleni ya unga, mahindi ya magendo usiku, ama ghala lililojaa na mkulima asiyelipwa. Waliokuwa watu wazima 1984 wanakumbuka mahindi ya manjano kutoka nje. Udhibiti huo ulikuja kuondolewa mwishoni mwa 1993.

6/ Sasa hesabu. Nambari hizi nimezitunga ili zihesabike kirahisi. Chukua soko moja la mji kwa wiki, bei ikiwa ni shilingi kwa gunia la kilo 90:

D = 900 − 0.1P
S = 300 + 0.1P

Yaani bei ikipanda kwa shilingi 10, wanunuzi wanapunguza gunia moja, na wenye stoo wanatoa gunia moja zaidi. Mahitaji na mzigo vinakutana pale 900 − 0.1P = 300 + 0.1P. Bei ya usawa ni 3,000, magunia 600 kwa wiki.

7/ Tuseme k ni 1: kila gunia linalokosekana linasukuma bei juu shilingi moja kwa wiki. Weka kwenye mlinganyo:

dP/dt = 600 − 0.2P = 0.2(3000 − P)

Bei ikianzia 4,000, jibu ni

P(t) = 3000 + 1000e^(−0.2t)

Baada ya wiki 3.5 bei ni kama 3,500. Baada ya wiki 7, kama 3,250. Kila wiki 3.5 nusu ya umbali uliobaki inaisha. Inashuka haraka mwanzoni, halafu inajikokota.

8/ Kwa hivyo yule wa "soko litajirekebisha" hajadanganya. Ameacha tu kusema *lini*, na *kufika wapi*. Wiki saba ni nambari ndogo kwenye karatasi. Kwa nyumba inayonunua unga kwa gorogoro, ni wiki saba za kupunguza sufuria. Na soko linaenda kwenye bei ya usawa, ambayo si lazima iwe bei unayoimudu.

9/ Sasa yule wa pili. Tangaza bei ya 2,300 kwenye soko letu. D inakuwa 670, S inakuwa 530. Wanunuzi wa magunia 140 kila wiki wanarudi mikono mitupu. Kutangaza peke yake hakujaleta hata punje moja.

Ila ukileta wewe magunia 140 kila wiki kutoka ghala la akiba, hesabu inageuka: 600 − 140 = 0.2P, na bei ya usawa yenyewe inakuwa 2,300. Hiyo ndiyo ruzuku ya kweli. Haigandishi bei, inahamisha mahali bei inapokimbilia.

10/ Tumeiona. Mei 2017 serikali iliwapa wasagaji mahindi kwa 2,300 gunia, pakiti ya kilo 2 ikauzwa 90. Julai 2022 ikatangazwa 100, wakati rafu zilikuwa zimepita 200. Ile ya 2022 ilidumu wiki chache tu, na ilipokatika bei ikarudi juu. Wengi walisema ni njama. Lakini mlinganyo ungekwambia mapema: ukiondoa yale magunia 140, bei ya usawa inarudi 3,000, na bei inaifuata kwa kasi ile ile.

11/ Tusiupe mlinganyo huu sifa usizostahili. Unadhani mzigo unajibu bei papo hapo. Kwa stoo na lori kutoka Uganda, sawa. Kwa shamba, hapana. Huku kwetu tunapanda Machi na Aprili, tunavuna kuanzia Oktoba. Bei ya leo inaamua ekari za mwaka ujao. Mwaka wa bei mbaya, watu Njoro wanahamia viazi ama wanafuga, mwaka unaofuata mahindi yanaadimika. Hapo bei haitulii taratibu, inayumba kutoka msimu hadi msimu.

12/ Ukitaka kujua uko kwenye hali gani, angalia bei ya wiki kadhaa mfululizo. Hatua zikizidi kuwa ndogo, soko linakaribia usawa. Ikiruka juu mwaka huu na kuanguka mwaka ujao, tatizo liko shambani, na ruzuku ya unga haitalitibu.

13/ Na mpaka ukifungwa, kama Machi 2021 mahindi ya Uganda na Tanzania yalipozuiwa kwa siku chache kwa sababu ya sumukuvu, mlango mmoja wa S unazibwa. Bei ya usawa inapanda, na safari ya kuifikia inakuwa ndefu zaidi.

14/ Kwa hivyo safari nyingine mtu akisimama jukwaani aseme atashusha bei ya unga, muulize swali moja tu: utagusa nini? P yenyewe? Basi jiandae kwa foleni. Mahali pa usawa? Magunia mangapi kwa wiki, kwa wiki ngapi, na nani analipa? Ama k, yaani barabara, maghala na habari za bei? Hiyo haishushi bei ya usawa, inafupisha tu safari. Akikosa jibu, ujue anakuuzia gunia tupu.

Mwisho wa uzi. Mwenye kumbukumbu ya foleni za 1984, tuandikie hapa chini.