Jeshi la hiari au la lazima: Kwa nini Uswidi ilibadili uamuzi

Tangu mwaka 1901, kijana wa kiume nchini Uswidi alijua kwamba siku moja angeitwa jeshini. Mwaka 2010 serikali ilisimamisha utaratibu huo, na jeshi likaanza kutafuta askari kwa mkataba na mshahara kama waajiri wengine. Miaka minane baadaye vijana walianza kuitwa tena.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa na mantiki yake. Vita Baridi vilikuwa vimekwisha, na Uswidi ilikuwa ikipeleka wanajeshi Afghanistan. Kazi ya namna hiyo huhitaji askari wachache wenye ujuzi, waliokubali wenyewe kwenda mbali na kukaa kazini kwa miaka kadhaa. Kijana anayefunzwa chini ya mwaka mmoja kisha akarudi nyumbani hafai sana kwa jambo hilo.

Lakini jeshi la hiari hushindana na soko la ajira. Uchumi unapokuwa mzuri, kijana hupata kazi yenye malipo bora bila kulala kwenye mahandaki. Uswidi ilikosa watu wa kutosha kujaza vikosi vyake, na baadhi ya walioingia waliondoka mapema. Kisha Urusi ikaitwaa Krimea mwaka 2014, na hofu ikarejea kwenye Bahari ya Baltiki. Nchi yenye watu wachache inayohofia kuvamiwa huhitaji pia askari wa akiba, yaani raia waliokwisha kufunzwa na wanaoweza kuitwa upesi. Utumishi wa lazima huzalisha watu hao kila mwaka.

Uamuzi wa kuurejesha ulitolewa Machi 2017, safari hii kwa wavulana na wasichana. Haukuwa wa kumchukua kila mtu. Vijana wapatao 100,000 waliozaliwa mwaka 1999 walitakiwa kujaza dodoso kuhusu afya na utayari wao. Takriban 13,000 wakaitwa kupimwa, na lengo likawa kuwafunza 4,000. Kwa hiyo wengi hawavai sare kamwe, na anayeonyesha nia hutazamwa kwanza. Ni lazima iliyochanganywa na hiari.

Huenda ikadhaniwa kwamba jeshi la lazima ni la bei nafuu. Kwa hazina ya serikali, mara nyingi ndivyo. Lakini gharama haipotei, humwangukia kijana anayepokea posho ndogo huku masomo au kazi vikimsubiri. Ndiyo maana muda wa utumishi ni jambo la kuangaliwa sana. Nchini Uswidi kwa kawaida ni kati ya miezi 9 na 15. Eritrea nayo iliweka miezi 18 katika sheria ya mwaka 1995, lakini baada ya vita vya mpakani na Ethiopia vilivyoanza 1998 muda huo ukawa hauna mwisho unaojulikana, na maelfu ya vijana wameikimbia nchi, wengi wao wakipitia Sudan na Ethiopia.