Juu ya nini Doom ya 1993 ingali inacheza kwenye mashini yako ya zamani

Ile hali mnaijua. Laptopu imepitia mikono ya watu wawili watatu kabla ya kufika kwako, Windows ikaanza kujikokota, rafiki akakuwekea Linux na mashini ikafufuka. Ao kuna mjomba aliyekuachia Mac yake ya zamani. Kuandika TFC inaweza, kusoma PDF inaweza. Lakini siku moja unatafuta mchezo wa kupumzisha kichwa, na kila unachopata kinataka Windows mpya, ao kinakataa tu kufunguka bila kueleza sababu.

Wengi wanafikiri tatizo ni nguvu ya mashini. Mara nyingine ni kweli, lakini historia inaonyesha kitu kingine. Kuna michezo midogo ya mwaka 1999 isiyofunguka leo kwenye Linux yoyote mpya, na kuna mchezo wa mwaka 1993 unaofunguka karibu fasi yote. Tuufuate huo wa pili, juu njia yake inaeleza mambo mengi.

Doom ilitoka tarehe 10 Desemba 1993, ikitengenezwa na kampuni ndogo ya Texas, id Software. Ilikuwa ya kompyuta za DOS: prosesa ya 386, kumbukumbu ya mega 4, picha ya pikseli 320 kwa 200. Lakini haikutengenezwa kwenye DOS. John Carmack, John Romero na wenzao walifanya kazi kwenye mashini za NeXT, kampuni aliyoianzisha Steve Jobs baada ya kutoka Apple. Kifaa chao cha kuchora ngazi za mchezo kilikuwa kinatembea kwenye NeXTSTEP, na Apple ilipoinunua NeXT, ile NeXTSTEP njo ikawa msingi wa Mac OS X ya mwaka 2001. Kwa hiyo Doom ilizaliwa kwa babu ya Mac, kiisha ikapelekwa kwa DOS.

Jambo hilo si la kupendeza tu. Mtu anayeandika programu kwenye mashini ya aina moja ili icheze kwenye aina nyingine analazimika kutenganisha mambo. Hesabu za mchezo zinakaa upande mmoja. Kuchora kwenye skrini, kusikiliza kibodi na kutoa sauti vinakaa upande mwingine. Ukibadilisha mashini, unaandika upya ule upande wa pili peke yake. Njo maana mwaka 1994 Dave Taylor, aliyekuwa anafanya kazi pale id, aliweza kuipeleka Doom kwenye Linux, wakati Linux yenyewe ilikuwa mtoto wa miaka mitatu.

Kitu cha pili walichotenganisha ni programu na mali yake. Ngazi, picha na sauti zote zinakaa katika faili moja yenye mkia wa .wad, na programu inaisoma tu. Walifanya hivyo ili watu waweze kutengeneza ngazi zao wenyewe. Tutaona faida yake kubwa zaidi baadaye.

Mwisho wa mwaka 1997, tarehe 23 Desemba, Carmack alitoa msimbo wa Doom, yaani yale maandishi yenyewe ambayo waprogramu waliandika, kila mtu ayasome. Na hapa kuna kitu ambacho wengi hawakijui: alichotoa ni toleo la Linux, si la DOS. Sababu ni kwamba toleo la DOS lilitumia maktaba ya sauti iliyonunuliwa kwa mtu mwingine, na id haikuwa na haki ya kuigawa. Kwanza leseni ilikataza biashara. Mwaka 1999 ikabadilishwa kuwa GPL, na tangu hapo yeyote anaweza kurekebisha na kugawa, mradi naye aache marekebisho yake wazi.

Sasa tulinganishe na wengine. Mwaka 1998 Scott Draeker alianzisha Loki Software, kampuni iliyokuwa inalipia haki za michezo ya Windows na kuigeuza iwe ya Linux. Walianza na Civilization: Call to Power mwaka 1999, wakafuata na nyingine nzuri. Januari 2002 kampuni ilifungwa. Watu waliokuwa wamenunua CD walibaki nazo, lakini programu zile zilikuwa zimefungwa, za biti 32, zikitegemea maktaba za Linux ya miaka ile. Linux ikasonga mbele, zile maktaba zikabadilika, na hakuna aliyekuwa na msimbo wa kuzirekebisha. Kilichobaki hai ni SDL, maktaba ya kuchora na kutoa sauti ambayo Sam Lantinga, mprogramu wa Loki, aliianza mwaka 1998 na kuiacha wazi. Leo michezo mingi sana ya Linux na ya Mac inaitumia.

Kwa Mac kisu kilikata mara mbili. Mwaka 2006 Apple ilianza kuuza Mac zenye prosesa ya Intel, na michezo ya PowerPC ikawa inatafsiriwa na Rosetta. Mwaka 2011, kwa toleo la Lion, Rosetta ikaondolewa. Oktoba 2019, kwa Catalina, programu zote za biti 32 zikakataliwa. Mchezo uliokuwa unafunguka jana haukufunguka tena, na mashini ilikuwa ile ile. Kama una Mac ya zamani yenye Mojave na michezo unayoipenda, fikiri mara mbili kabla ya kubonyeza kitufe cha kuboresha.

Ukitaka kujua mchezo uko upande gani, usibahatishe. Fungua terminali, kwa Linux ao kwa Mac, uandike:

```
file ./mchezo
```

Ukiona `ELF 32-bit`, ni wa Linux ya biti 32, na utahitaji maktaba za biti 32 pembeni. Kwa Mac, `ppc` ni ya PowerPC, `i386` ni Intel ya biti 32, na `x86_64` ni ya biti 64. Ukiulazimisha ule wa `i386` kwenye Catalina, terminali itakujibu `Bad CPU type in executable`. Hapo hakuna mipangilio ya kubadilisha. Unahitaji toleo lingine la mchezo ao mfumo wa zamani.

Mtu atasema: lakini siku hizi kuna Proton. Ni kweli, tangu Agosti 2018 Valve imeweka Proton ndani ya Steam ya Linux, na michezo mingi ya Windows inacheza. Lakini kwa kawaida Proton inaigeuza michoro ya Windows iwe Vulkan, na kadi ya grafiki ya laptopu nyingi za mwaka 2012 na nyuma haiijui Vulkan vizuri. Dawa ni nzuri, ila si ya mgonjwa huyu.

Turudi kwa Doom, juu kuna kosa moja la kuondoa. Wengine wanafikiri kutoa msimbo peke yake kunatosha. Chukua ule msimbo wa 1997 jinsi ulivyo, ujaribu kuutumia kwenye Linux ya leo. Hata ukiweza kuujenga, utakwama. Ulidai skrini ya rangi 256 tu, na skrini za leo hazifanyi hivyo, basi unakuambia `xdoom currently only supports 256-color PseudoColor screens` na kutoka. Tena ndani yake kuna fasi waliyohesabu kwamba anwani moja ya kumbukumbu inachukua baiti 4. Ilikuwa kweli kwa biti 32. Kwa biti 64 anwani ni baiti 8, kwa hiyo programu inajitengea nusu tu ya nafasi inayohitaji, inaandika nje ya mpaka na kuanguka.

Walioiokoa ni watu waliosoma mistari ile na kuirekebisha mmoja mmoja. Simon Howard alianzisha Chocolate Doom, inayotumia SDL na kutunza tabia za mchezo wa kwanza, hata makosa yake. Fabian Greffrath akaichukua Chocolate akatengeneza Crispy Doom, yenye picha safi zaidi na mipaka iliyopanuliwa. Kuna pia GZDoom, yenye mapambo mengi, lakini inaomba kadi ya grafiki ya karibuni zaidi. Kwa mashini ya zamani, mimi ningeanza na Crispy.

Ilibaki swali la mali. Msimbo ulikuwa huru, lakini picha na ngazi za Doom zingali za wenyewe. Kugawa faili `doom.wad` nzima si halali. Sehemu ya kwanza peke yake, `doom1.wad`, karibu mega 4, njo iliyotolewa kugawiwa bure. Hapa ule utenganisho wa 1993 ulizaa matunda: tangu 2001 mradi wa Freedoom umechora upya kila picha, kila sauti na kila ngazi, ukapata faili zake za .wad ambazo ni huru kabisa. Injini haijali faili ni ya nani.

Kwenye Debian, Ubuntu ao Mint, inatosha kuandika:

```
sudo apt install crispy-doom freedoom
crispy-doom -iwad /usr/share/games/doom/freedoom2.wad
```

Kama terminali inasema haijui `crispy-doom`, jaribu `/usr/games/crispy-doom`. Kiisha kupakua mara moja, hauhitaji intaneti tena, wala akaunti. Mchezo ukienda pole, punguza ukubwa wa picha ndani ya mipangilio. Hesabu za mchezo zenyewe zinafanyika mara 35 tu kwa sekunde, na prosesa ya miaka kumi na tano iliyopita inazimaliza bila jasho.

Siku moja utaweka ngazi kubwa iliyotengenezwa na mtu mwingine, na kama uko kwenye Chocolate mchezo unaweza kujifunga ukisema `R_FindPlane: no more visplanes`. Mashini yako ni nzima. Doom ya kwanza ilihesabu sakafu na dari zinazoonekana kwa mara moja, na haikuruhusu zaidi ya vipande 128. Chocolate inaheshimu mpaka ule kwa makusudi. Kwenye Crispy umepanuliwa, basi fungua ngazi ile ile pale.

Na ngazi mpya hazijakoma. Mwaka 2019, mwaka ule ule Catalina ilipoifungia mlango michezo ya biti 32, Romero mwenyewe alitoa Sigil, ngazi tisa mpya, bure, kwa yeyote mwenye `doom.wad` ya kununua. Crispy inaifungua.