Jinsi mwandalizi wa vyakula vya hafla anavyoweza kuidai kampuni inayochelewa kulipa

WAANDALIZI wa vyakula katika hafla za kampuni hulalamika kila mara kwamba wateja wakubwa ndio wagumu zaidi kulipa. Lakini ukiyachunguza madeni hayo moja baada ya jingine, utapata kwamba mengi hayakukwama kwa sababu ya ukosefu wa pesa. Ankara ilikwama mezani pa mtu fulani kwa kuwa ilikosa jambo fulani, na hakuna aliyejisumbua kumjulisha mwenye kudai.

Tuchukue mfano wa mwandalizi mjini Nakuru aliyeombwa na kampuni moja kulisha wageni 200 katika mkutano wa wafanyakazi mnamo Machi 14, kwa bei ya Sh1,200 kila sahani. Jumla ni Sh240,000. Kabla ya kutaja arbuni, yafaa apige hesabu ya pesa zitakazomtoka mfukoni kabla ya chakula kupakuliwa: vyakula Sh102,000, vibarua wanane Sh12,000, gesi na usafiri Sh18,000, na kukodi vyombo na meza Sh12,000. Hizo ni Sh144,000, yaani asilimia 60 ya bei yote.

Hiyo ndiyo arbuni anayopaswa kuitisha. Desturi ya kuitisha asilimia 30 tu, kwa kuhofia kumfukuza mteja, ingempa Sh72,000. Nusu ya pili ya gharama angelazimika kuitoa mwenyewe, na hapo atakuwa ameikopesha kampuni pesa bila riba. Kadirio la bei liseme wazi kwamba ununuzi wa vyakula utaanza arbuni itakapoingia kwenye akaunti. Picha ya hundi iliyotumwa kwa simu si malipo.

Baada ya arbuni, hati inayofuata kwa uzito ni ile ya kuagiza bidhaa na huduma, ambayo wengi huijua kama LPO. Afisa wa wafanyakazi anaweza kuagiza chakula kwa simu kwa nia njema kabisa, lakini mhasibu hatalipa kwa msingi wa simu hiyo. Mwandalizi anayepika bila LPO hujikuta akiomba hati hiyo itolewe baada ya wageni kwenda zao, na kampuni nyingi zina kanuni zinazokataza jambo hilo.

Idadi ya wageni nayo huzua mizozo zaidi ya kitu kingine chochote. Mteja huagiza sahani 200, wakaja watu 160, kisha akataka kulipia 160. Dawa yake ni kukubaliana kwa maandishi kwamba idadi ya mwisho itatolewa siku tatu kabla ya hafla na kwamba hiyo ndiyo itakayolipiwa hata kama wageni watapungua. Jioni ya hafla, kabla ya vyombo kupakiwa garini, afisa aliyeagiza atie sahihi karatasi inayoonyesha sahani zilizotolewa. Akisubiriwa hadi wiki inayofuata, huenda akawa likizoni.

Katika mfano wetu walikuja watu 218. Sahani 18 za ziada ni Sh21,600, na hapa ndipo wengi hukosea. Huandika ankara moja ya Sh261,600, ilhali LPO inasema Sh240,000. Mhasibu akiona tofauti hiyo huirudisha yote, au huiweka kando bila kusema neno. Ni afadhali kutoa ankara ya kazi iliyoagizwa, inayoonyesha jumla, arbuni iliyokwisha kulipwa na salio la Sh96,000, kisha ankara nyingine ya sahani za ziada pindi kampuni itakapotoa LPO yake. Kwa njia hiyo deni kubwa halitasubiri dogo.

Ankara yenyewe haihitaji mapambo. Inahitaji jina kamili la kampuni kama lilivyosajiliwa, PIN yake, nambari ya LPO, tarehe ya hafla, tarehe ya mwisho ya kulipa, na akaunti ya kupokea pesa. Tangu Januari 1, 2024, kampuni haiwezi kuhesabu gharama zake katika kukokotoa kodi ya mapato bila ankara ya eTIMS ya Halmashauri ya Ushuru (KRA), isipokuwa zile zilizosamehewa kisheria. Kwa hivyo ankara iliyochapishwa tu kwenye karatasi yenye nembo ya biashara hukataliwa. Jina au PIN ikikosewa, ankara hiyo hubatilishwa kwa hati ya marekebisho na nyingine kutolewa, na siku za kusubiri huanza kuhesabiwa upya.

Mwandalizi aliyesajiliwa kwa ushuru wa VAT ana sababu zaidi ya kuharakisha. Anatakiwa kuuwasilisha ushuru huo kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, awe amelipwa au hajalipwa.

Yafaa pia aulize mapema siku ambayo kampuni hulipa. Tuseme kampuni hii hulipa Ijumaa ya mwisho wa mwezi na hufunga kupokea ankara tarehe 20. Ankara ikifika Machi 17 italipwa mwezi huo huo. Ikifika Machi 24 itangoja hadi mwisho wa Aprili, na hapo lawama haimwendei mhasibu.

Kumbusho la kwanza hutumwa kabla ya siku ya kulipa, wala si baada yake. Siku tano hivi mapema, mwandalizi anaweza kuandika: "Ankara ya Sh96,000 chini ya LPO yenu itafikia siku yake Machi 28. Tafadhali thibitisheni kama imeidhinishwa na kama imo katika malipo ya siku hiyo." Swali la namna hii humlazimisha mpokeaji kutaja mahali karatasi ilipo. "Naomba mnifikirie" hujibiwa kwa "tunashughulikia."

Siku ikipita, apige simu kwa mhasibu baada ya siku tatu, kisha aandike barua-pepe ya kurudia yaliyosemwa. Mhasibu anayetaja kasoro mahususi anasaidia. Kasoro irekebishwe siku hiyo hiyo. Anayesema "wiki ijayo" mara tatu anaficha uhaba wa pesa au mzozo. Hapo barua iende kwa mkuu wa fedha, nakala kwa afisa aliyeagiza, ikieleza kwamba hakuna hafla nyingine itakayohudumiwa kabla ya salio kulipwa. Ahadi ya kulipa kidogo kidogo ikubaliwe kwa maandishi tu, kwa kuwa ni ushahidi wa kukiri deni. Riba ya ucheleweshaji ni vigumu kuidai ikiwa haikutajwa katika makubaliano ya mwanzo.

Mwezi mmoja ukipita, hufuata barua ya madai yenye makataa, kwa mfano siku 14. Baada ya hapo kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi 2021. Husikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni, mdai anaweza kujiwakilisha bila wakili, na sheria huitaka iamue katika muda wa siku 60. LPO, karatasi yenye sahihi, ankara na barua-pepe ndizo kesi yenyewe. Hata hivyo, kushinda hakumaanishi kulipwa papo hapo. Kampuni isiyo na mali ya kupigwa mnada inaweza kumwacha mshindi na hukumu mkononi.

Serikali za kaunti ni suala tofauti, kwa kuwa mali ya serikali haipigwi mnada. Nazo kamati za harusi huvunjika siku ya pili baada ya sherehe, kwa hivyo kwao salio lote hudaiwa kabla ya moto kuwashwa.