Udongo Mkazi na Udongo wa Kuja

“Kiwanja hiki kimepimwa.” Sentensi hiyo inauza ardhi kila siku, kuanzia mjini Kigoma hadi Ujiji, na mnunuzi akiisikia hutulia. Lakini kilichopimwa ni nini? Ni mipaka. Mpimaji ameweka mawe pembeni na kuandika urefu na upana. Juu ya kilichomo chini ya majani, mita moja au mbili kwenda chini, hajasema lolote, wala hakutumwa aseme. Kitenzi kupima kimebebeshwa kazi mbili, na tunalipia moja tukidhani tumepata zote.

Nalileta jambo hili Mwamgongo kwa makusudi. Kijiji hiki kiko kaskazini ya Hifadhi ya Gombe, kati ya ziwa Tanganyika na milima iliyosimama karibu wima. Ardhi tambarare ni haba. Anayetaka nyumba mlimani hukata upande wa juu, akasukuma udongo upande wa chini, akapata uwanja uliolala sawa. Kwa macho uwanja huo ni mmoja. Kwa kweli ni viwanja viwili vilivyoshonwa: nusu ya ndani imekaa pale tangu kale, nusu ya nje imefika juzi.

Mafundi wa barabara husema “kukata na kujaza”, na wamesema vema. Pungufu ni majina ya nusu zenyewe. Vitabuni kuna “udongo asilia”, jina safi ila halina mwenzake. Mimi napendekeza tuazime kwa watu wa pwani, wanaomwita mgeni “mtu wa kuja”: tuseme udongo mkazi na udongo wa kuja. Mkazi amekwisha kubanwa na uzito na mvua za miaka mingi. Wa kuja bado anatafuta pa kukaa.

Sasa tazama vitenzi vyetu vya kuweka udongo shimoni, maana hapa lugha ina utajiri tunaouacha ulale. Kujaza ni kuondoa nafasi tupu, basi. Hakusemi kwa kitu gani. Kufukia ni kufunika ili kisionekane. Kufusia ni kazi ya mjenzi: kutia kifusi ndani ya msingi kabla ya kumwaga jamvi. Shimo la choo cha zamani kijijini halijazwi wala halifusiwi. Linafukiwa. Hutiwa majivu, maganda ya ndizi, nguo kuukuu na udongo kidogo juu, na baada ya miaka michache anayepita hajui lilikuwa wapi. Kona ya nyumba ikiangukia hapo, ukuta umesimama juu ya siri. Tukilinda tofauti ya kufukia na kufusia, nusu ya onyo imeshatolewa.

Neno kifusi lenyewe limelegea. Zamani lilitajwa kwa mabomoko ya ukuta. Leo ni chochote kinachomwagwa na lori, iwe moramu nzuri au matofali yaliyochanganyika na plastiki. Ziwa lilipopanda mwaka 2024 na kuingia kwenye makazi ya mwambao, kifusi kilikuwa ndilo jibu la kwanza kumjia mwenye nyumba. Kifusi gani, kimetoka wapi, kimewekwaje? Kisicho na majibu ya maswali hayo tukiite kifusi holela, kama tunavyosema ujenzi holela. Holela haisemi kwamba kitu ni kibaya. Inasema hakuna aliyekisimamia.

Jaa na jalala ni jambo jingine kabisa, na nasihi tusiyafiche ndani ya kifusi. Kifusi hubanwa. Jaa huoza. Taka zikioza huacha mapango, hutoa gesi, na huendelea kushuka miaka na miaka hata pasipo kujengwa kitu juu yake. Aliyenunua penye jaa la zamani aambiwe jaa, hata kama juu limevikwa nusu mita ya udongo mwekundu wa kupendeza.

Kushindilia ni neno ninalolipenda kwa sababu sauti yake ina jasho. Si kukanyagakanyaga, wala si kumwaga maji udongo “ulale”. Ni kuweka tabaka la sentimita 15 hivi, lenye unyevu wa kutosha kushikamana kiganjani pasipo kuchuruzika, kulipiga mpaka likatae, ndipo tabaka jingine lifuate. Udongo uliosukumwa ukingoni kwa jembe una matundu ndani yake. Wakati wa kiangazi unaonekana mgumu. Mvua ikiuloanisha kwa mara ya kwanza, matundu hubomoka na uso hushuka ghafla.

Kushuka huko tukuiteje? Kuzama ni kwa mtumbwi. Kutitia ni kwa tope linalomeza mguu. Kudidimia ndiko kwenyewe: polepole, kwa uzito. Lakini nyumba ikididimia yote sawasawa haipasuki. Kinachoivunja ni upande mmoja kushuka kuliko mwingine, na kwa hilo tumeandika “mdidimio tofauti”, maneno yasiyomwambia fundi kitu. Nilifikiria upogo, ila siku hizi limehamia kwenye siasa na habari. Nimebaki na tenge: jambo likipinda husemwa limekwenda tenge. Basi liwe mdidimio tenge.

Tuupime kwa nyumba ya mlimani. Ukuta wa mita 6 umeanzia kwenye udongo mkazi na kuishia penye mita 2 za udongo wa kuja. Udongo huo ukijibana asilimia 2 tu, mwisho wa nje umeshuka milimita 40, na wa ndani haukusogea. Wahandisi huanza kutarajia nyufa tofauti ikifika sehemu moja ya 300 ya urefu, yaani milimita 20 hapa. Kwenye sehemu moja ya 150 huhofia mwili wa jengo wenyewe, na hiyo ndiyo milimita 40 tuliyoipata. Ukuta wa tofali usio na nondo huvumilia pungufu ya hapo. Ufa wake hupanda kwa ngazi ukifuata viungo vya matofali, mpana juu na mwembamba chini, na mlango wa karibu huanza kukwama. Nyufa nyembamba kama utando juu ya lipu ni habari nyingine. Hizo ni za lipu kukauka.

Uchunguzi unaotakiwa kabla ya yote hayo tunauita “kupima udongo”, na mkulima anadhani tunatafuta mbolea. Napendekeza upekuzi wa ardhi. Kuku hupekua: hufukua apate kuona. Chimba mashimo pembe zote na katikati, si moja, kwa maana shimo moja laweza kuangukia nusu iliyo njema. Shuka mpaka uukute udongo mkazi na uingie ndani yake. Mkaa, kioo, plastiki, rangi zilizochanganyika, au mstari mweusi wenye mizizi iliyofukiwa: bado uko kwa wa kuja. Shimo likipita kifua asiingie mtu pasipo kuta kuegemezwa, na penye jaa asiingie kabisa. Udongo unaotolewa usomwe juu.

Matokeo yaandikwe kwa mita, kona kwa kona, kwenye karatasi ileile ya mauziano: hapa mkazi yuko sentimita 40, kule mita 2. Kwa namba hizo fundi ataamua kuisogeza nyumba yote ndani, au kushusha msingi kwa ngazi hadi kwa mkazi, na ukingo wa nje ubaki uwanja wa kuanikia dagaa.