Orodha na Namba Nasibu: Uteuzi wa Klasta kwa Jumla Limbikizi katika Tafiti za Rwanda, 1991–2022

Mwaka 1943, Morris Hansen na William Hurwitz, watakwimu wa Idara ya Sensa ya Marekani, walichapisha makala iliyoweka msingi wa kuteua klasta kwa uwezekano unaolingana na ukubwa wake. Kijiji kikubwa hupewa nafasi kubwa zaidi ya kuteuliwa, kisha idadi sawa ya kaya huchukuliwa katika kila kijiji kilichoteuliwa. Nafasi ambayo kaya ya kijiji kikubwa inaipata katika hatua ya kwanza, inaipoteza katika hatua ya pili. Mwishowe kaya zote huwa na nafasi sawa. Katika Afrika njia hii ilizoeleka pia kupitia tafiti za chanjo za Shirika la Afya Duniani, ambazo utaratibu wake wa klasta 30 zenye watoto 7 kila moja ulielezwa na Henderson na Sundaresan mwaka 1982. Nchini Rwanda, hata hivyo, tatizo kuu halikuwa namba nasibu bali orodha ambayo namba hiyo iliiangukia.

Utendaji wenyewe unaweza kuonyeshwa kwa wilaya 3 za Jiji la Kigali. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 879,505 Gasabo, 491,731 Kicukiro na 374,319 Nyarugenge. Zikijumlishwa moja baada ya nyingine, jumla limbikizi huwa 879,505, kisha 1,371,236, kisha 1,745,555. Ikiwa klasta 12 zinahitajika, jumla ya mwisho hugawanywa kwa 12 na kupatikana mruko wa 145,462. Namba moja ya kuanzia huteuliwa kwa nasibu kati ya 1 na 145,462. Tuseme imetokea 88,317: hiyo huangukia Gasabo. Mruko huongezwa, na kupatikana 233,779, ambayo pia ni ya Gasabo. Na kuendelea hivyo hadi namba ya 12. Matokeo ni klasta 6 Gasabo, 3 Kicukiro na 3 Nyarugenge. Katika utafiti halisi orodha huwa ya vijiji, yaani imidugudu, lakini hesabu ni ileile.

Ni dhahiri kwamba bahati nasibu hutumika mara moja tu. Yote yanayofuata huamuliwa na orodha, na orodha huweza kukosea kwa namna mbili.

Kosa la kwanza ni mahali kukosekana kabisa. Sensa ya Rwanda ya 1991 haikufuatwa na nyingine hadi 2002. Katikati yake yalitokea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, watu walikimbia na wengine kurejea, na makazi mapya yakajengwa. Katika orodha ya 1991, kilima kilichobaki kitupu kingeendelea kumiliki fungu lake la namba, ilhali makazi mapya yasingekuwa na namba hata moja. Mahali pasipo na namba hapawezi kuteuliwa, na hakuna hesabu ya baadaye inayoweza kuparejesha.

Kosa la pili ni ukubwa uliopitwa na wakati, nalo linarekebishika. Utafiti wa Hali ya Watu na Afya wa 2019–20 uliteua klasta 500, zenye kaya 26 kila moja, kutoka orodha ya sensa ya 2012. Kati ya sensa ya 2012 na ile ya 2022, Gasabo iliongezeka kutoka watu 529,561 kwa takribani asilimia 66. Nyarugenge iliongezeka kutoka 284,561 kwa takribani asilimia 32. Chukua mfano wa kubuni wa kijiji cha pembezoni mwa jiji kilichoorodheshwa na kaya 120, lakini wadadisi wakakuta 240. Kijiji kiliteuliwa kwa nafasi ya kaya 120, kisha kaya 26 zikachukuliwa kati ya 240. Hivyo kila kaya yake ina nusu tu ya nafasi iliyokusudiwa, na katika uchambuzi lazima ipewe uzani maradufu. Mchambuzi akiacha uzani huo, wakazi wa maeneo yanayokua kwa kasi huhesabiwa nusu, na wastani wa jiji huegemea mitaa ya zamani.

Ndiyo maana kaya za kila klasta iliyoteuliwa huorodheshwa upya kabla ya kuchagua zitakazohojiwa. Uwiano wa kaya zilizokutwa kwa zilizoandikwa ndio kipimo cha uzee wa orodha. Ukikaribia 1 karibu kila mahali, orodha ingali hai. Ukitofautiana sana baina ya klasta, uzani hautoshi kuachwa kuwa suala la kiufundi tu. Mshauri wa sera anayepokea asilimia ya Kigali hana budi kuuliza mambo mawili: orodha ni ya mwaka gani, na uwiano huo ulikuwaje Gasabo. Hata hivyo, uwiano mzuri hauthibitishi kwamba hakuna mahali palipoachwa, kwa kuwa hupimwa ndani ya vijiji vilivyokwisha kuorodheshwa. Kwa hilo, ramani mpya pekee ndiyo shahidi.